Insha imerudi na wino mwekundu: nirekebishe nini, niache nini?

*Shikamoo Mwalimu,*

*Nipo mwaka wa pili, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Tulipewa insha ya maneno 2,000: "Kwa nini Kiunguja, na si Kimvita, kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu? Jadili." Nimepata 28 kwa 100. Mhadhiri ameniruhusu kuirudia ndani ya siku 12, ila alama haitavuka 50. Nisiporudia ni sapu.*

*Kinachoniumiza ni maneno yake. Kwenye utangulizi kaandika: "Huu unaweza kubandikwa kwenye insha yoyote." Aya ya nne: "Rahisi kwa nani? Nani kasema?" Aya ya sita: "Steere wa nini hapa?" Aya ya saba: "Uongo. Soma tena." Aya ya nane: "Kimvita kiko wapi?" Na mwishoni: "Hujajibu swali. Hii ni orodha, si hoja. Rudia yote." Halafu kuna mistari ya tahajia na upatanisho, na neno "chanzo?" kila mahali.*

*Nimeyasoma mpaka nimeyakariri, lakini kila nikifungua kompyuta naishia kusahihisha herufi. Nimeambatisha insha pamoja na maoni yote. Nirekebishe hii hii au nianze upya?*

*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Nimeisoma insha yako yote. Utaandika upya karibu theluthi mbili yake. Theluthi inayobaki ina vitu vizuri, ila vimekaa pasipo pake.

Kwanza yatoe maoni kwenye insha. Chukua karatasi tupu uyanakili yote kwa mkono, moja moja, na pembeni ya kila moja andika namba ya aya tu, bila sentensi yako iliyokosolewa. Ukisoma "Nani kasema?" pembeni ya sentensi uliyoihangaikia usiku kucha, akili inakimbilia kuitetea sentensi. Ukiisoma peke yake kwenye karatasi, unaona ni swali, tena lina jibu: ama kuna aliyesema, ama hayupo. Mhadhiri wako ana ulimi mkali, hilo sikatai, na "uongo" ni neno zito kwa kosa la tarehe. Lakini katika maoni yake sita makubwa, manne ni maswali au yanadai kitu mahususi. Mwalimu aliyekata tamaa na kazi huandika alama tu akafunga.

Ukishayanakili, utaona hayana uzito sawa. Mistari ya tahajia inagusa neno moja moja. "Chanzo?" inagusa sentensi. "Nani kasema?" na "Steere wa nini hapa?" yanagusa aya nzima. "Hujajibu swali" na "Kimvita kiko wapi?" yanagusa insha yote. Wewe umekuwa ukianzia chini, kwenye herufi, kwa sababu herufi hazibishi: unazigusa zinanyooka, unajiona umefanya kazi. Tatizo ni kwamba nusu ya aya unazozisafisha zitafutwa. Wengi wanaorudia insha huanguka hapo. Wanarudisha kazi ileile ikiwa imepigwa pasi, msahihishaji anaongeza alama mbili tatu za usafi, mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo mistari ya tahajia usiiguse kabisa mpaka siku mbili za mwisho.

Sasa chukua insha yako na kalamu. Pembeni ya kila aya andika sentensi moja fupi inayosema aya hiyo inamwambia msomaji nini. Andika kilichomo, hata kama sicho ulichokusudia. Yako nimekufanyia, na inasomeka hivi: aya ya kwanza inasema Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ya pili inataja nadharia za asili ya Kiswahili, ile ya Kiarabu, ya pijini na ya Kibantu, ya tatu inaeleza Waarabu walivyokuja pwani, ya nne inasema Kiunguja kilikuwa rahisi, cha biashara, cha wamisionari na cha serikali, ya tano inaeleza biashara ya misafara, ya sita ni maisha ya Askofu Steere, ya saba ni mikutano, ya nane ni faida za usanifishaji, ya tisa ni hitimisho linalosema Kiswahili ni lugha muhimu.

Soma orodha hiyo bila kutazama swali, kisha jiulize ni swali gani linajibiwa hapo. Ni "Eleza historia ya Kiswahili." Ukiacha swali ulilolinakili, maneno 700 na zaidi yanapita kabla neno Kiunguja halijatajwa mara ya kwanza. Kimvita kimetajwa mara mbili katika insha nzima, na mara moja kati ya hizo ni pale uliponakili swali lenyewe. Ndiyo maana nasema "Kimvita kiko wapi?", maneno matatu tu yaliyoandikwa pembeni ya aya ya nane, ndiyo maoni mazito kuliko yote, mazito hata kuliko yale marefu ya mwishoni. Ukiyajibu hayo, mengine mengi yanajijibu yenyewe.

Ona swali lilivyotungwa: kwa nini Kiunguja, *na si Kimvita*. Hayo maneno matatu ya katikati yanabadilisha kazi nzima. Sababu ya kuchagua kitu kimoja na kuacha kingine haitimii mpaka ioneshe kwamba kile kilichoachwa hakikuwa nayo, au kilikuwa nayo kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kila sababu uliyoiweka ipitishe kwenye swali hili: na Kimvita je?

Tuanze na "Kiunguja kilikuwa rahisi." Kimvita je? Mahali ambapo mtu wa Unguja anasema macho, njia na nchi, wa Mombasa anasema mato, ndia na nti. Kwa Mnyamwezi au Mganda anayejifunza kutoka mwanzo, hakuna namna ya kuonesha kwamba macho ni jepesi kuliko mato. Tena kama kuna waliokiona Kiunguja ni rahisi, huenda ni kwa sababu walikuwa wamekwisha kukizoea, na hapo urahisi unakuwa tokeo la kuenea kwake. Sababu hii ifute. Usiitafutie chanzo cha kuiokoa. Mhadhiri aliuliza "Rahisi kwa nani?" akijua kwamba swali halina jibu.

"Kilikuwa na maandishi ya wamisionari." Kimvita je? Nacho kilikuwa nayo, na tena mapema. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, sarufi yake ikatoka 1850, wakati Steere alifika Unguja miaka ya 1860 na mwongozo wake wa sarufi ukachapwa 1870. Kwa namna ulivyoiandika, sababu hii inakipendelea Kimvita! Usiifute, lakini haiwezi kusimama ilivyo.

"Kilikuwa lugha ya biashara." Kimvita je? Mombasa ilikuwa bandari ya biashara karne na karne. Hapa lazima uulize swali la ndani zaidi: biashara ya kwenda wapi, na iliacha nini nyuma yake?

"Serikali ya kikoloni ilikipenda." Ipi? Wajerumani walitawala Tanganyika, Waingereza wakaichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kenya walikuwa nayo tangu mwanzo. "Ilikipenda" nalo halisemi chochote.

Baada ya kuchekecha, mkononi unabaki na mambo matatu yenye uwezo wa kutenganisha lahaja hizi mbili: njia za misafara, vitabu vya misheni na mahali vilikopelekwa, na utawala wa Tanganyika. Matatu yanatosha kwa maneno 2,000. Ukitafuta la nne na la tano utarudi kwenye orodha.

Kabla ya kuandika aya yoyote, andika jibu lako kwa sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi. Kama huwezi kulibana katika sentensi mbili, bado hujalipata. Kutokana na ulichonacho linaweza kuwa hivi: "Kiunguja hakikuchaguliwa kwa ubora wake kama lahaja, kwa sababu kwa umri wa maandishi na utajiri wa fasihi Kimvita kilikuwa na madai yenye nguvu zaidi. Kilichaguliwa kwa kuwa kufikia 1928 aina ya Kiswahili iliyo karibu nacho ilikuwa imekwisha kuenea bara kwa misafara, vitabu vya misheni na ofisi za serikali, na wakoloni walihitaji lugha ambayo tayari ilikuwa inafanya kazi." Unaweza usikubaliane nami, na huo utakuwa mwanzo mzuri. Lakini ona kwamba sentensi hizo mtu anaweza kuzibishia. "Kiswahili ni lugha muhimu" hakuna wa kuibishia, ndiyo maana haikukupa alama.

Sasa tuchukue aya moja tuifanye hadi mwisho. Aya yako ya nne inaanza hivi: "Kiunguja ilikuwa lahaja rahisi na yenye kueleweka na watu wengi. Pia ilikuwa ni lugha ya biashara. Vilevile wamisionari waliitumia. Aidha, serikali ya kikoloni iliipenda." Tazama viunganishi: pia, vilevile, aidha. Vyote vitatu vina kazi moja, kuongeza. Sentensi zinazoungwa kwa "pia" unaweza kuzipangua upendavyo na maana isibadilike, na hiyo ndiyo orodha aliyoilalamikia mhadhiri. Jaribu kuweka "hata hivyo", "kwa sababu hiyo" au "ndiyo maana" mahali pa "pia". Kikikubali, una hoja. Kikikataa, sentensi hizo hazijuani, zimekutanishwa tu.

Sababu ya biashara, ikiandikwa kujibu swali, inaweza kuwa hivi:

"Unguja na Mombasa zote zilifanya biashara na bara, lakini hazikuacha alama sawa. Njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilizaa vituo ambamo wafanyabiashara wa pwani waliishi kwa miaka mingi, na Kiswahili kikawa lugha ya wapagazi na ya masoko (chanzo, ukurasa). Upande wa Mombasa, biashara ya Ukambani kwa muda mrefu katika karne ya 19 ilikuwa mikononi mwa Wakamba wenyewe, ambao ndio waliopeleka bidhaa pwani (chanzo, ukurasa). Kwa hiyo bandari mbili zilizokuwa na biashara zilitofautiana katika jambo lililokuja kuwa na uzito mwaka 1928: moja ilikuwa imepeleka lugha ndani ya bara, nyingine ilikuwa imepokea bidhaa kutoka bara."

Maneno hayajafika 100, na Kimvita kimo ndani yake. Hakuna "pia" hata moja. Sehemu kubwa ya taarifa za njia ya kati umezitoa mwenyewe kwenye aya yako ya tano, ambako zilikuwa zimekaa kama simulizi. Ulichokosa ni ule upande wa Mombasa, na huo ndio wa kwenda kuutafuta maktaba. Uwe mwangalifu na jambo moja: usidai kwamba watu wa Tabora walizungumza Kiunguja kama mtu wa Mji Mkongwe. Kiswahili cha misafara kilikuwa na sura yake. Sema kilikuwa karibu zaidi na Kiunguja kuliko na Kimvita, kisha utoe chanzo.

Tuje kwa Steere, maana hapa ndipo wengi hukosea wanapotii maoni. "Steere wa nini hapa?" si amri ya kumfuta. Umeandika maneno 210 kuhusu elimu yake, safari yake na ujenzi wa kanisa la Mkunazini, na msomaji amefika mwisho wa aya bila kuambiwa hayo yanahusianaje na Kimvita kuachwa. Mwache abaki, ila mpe kazi. Kazi yake ni hii: misheni yake, UMCA, ilikuwa na makao Unguja na vituo Tanganyika, Magila upande wa Tanga na Masasi kusini. Vitabu vilivyotayarishwa kwa Kiswahili cha Unguja vilikuwa na mahali pa kwenda bara. Krapf alitangulia, lakini swali ni maandishi ya Mombasa yaliwafikia wanafunzi wangapi nje ya eneo lake ukilinganisha na yale ya Unguja. Kwa njia hiyo ile sababu iliyoonekana kukipendelea Kimvita inageuka: Mombasa ilitangulia kuandika, Unguja ikasambaza. Kanisa la Mkunazini lifute lote, hata kama aya ile uliipenda. Imeandikwa vizuri kweli, lakini ni ya insha nyingine.

Kwa hiyo pembeni ya kila oni kwenye karatasi yako, weka moja kati ya maneno manne: *futa*, *hamisha*, *thibitisha* au *eleza*. "Rahisi" ni futa. Misafara ni hamisha na thibitisha. Steere ni eleza. Oni usilokubaliana nalo nalo lipewe neno, mara nyingi "eleza", kwa sababu kama msomaji hakuona uhusiano uliokuwa kichwani mwako, basi haukufika kwenye karatasi.

Lile la "Uongo" limekuuma kuliko yote, nami naelewa, lakini ndilo jepesi kulirekebisha. Uliandika: "Mwaka 1930 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja." Umebana matukio matatu yakawa moja. Mwaka 1925 kulikuwa na mkutano wa elimu Dar es Salaam, ambako suala la lugha ya shule na haja ya kuisanifisha lilijadiliwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ndio uliokubali Kiunguja kiwe msingi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya maeneo manne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikaanza kazi ya kutekeleza. Kosa la namna hii hutokana na daftari la mihadhara: unaandika "1925, 28, 30, Mombasa, Kiunguja" mstari mmoja, na miezi miwili baadaye unausoma kama tukio moja. Pitia sentensi zote zenye mwaka ndani yake, zipo 11, na kila moja iangalie kwenye kitabu. Daftari lisitumike kuthibitisha chochote.

Nawe una bahati ambayo hujaiona. Uamuzi wa kukiacha Kimvita ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita. Jambo hilo linafaa kuwa mlango wa insha yako mahali pa zile kurasa mbili za asili ya Kiswahili. Utangulizi wenye sentensi inayosema hivyo, kisha jibu lako la sentensi mbili, kisha sentensi moja inayotaja njia utakayopita, unatosha kwa maneno 120 hadi 150. Nadharia za asili ya Kiswahili ziondoke zote. Najua ndizo mlizokariri tangu kidato cha tano na zinajaza nafasi vizuri, lakini hazina sehemu katika uamuzi wa 1928.

Baada ya utangulizi, kipe Kimvita aya zake mwanzoni, kama maneno 400. Usikingojee mwishoni. Mpe msomaji madai yake kwa nguvu zote: mji wa kale, mashairi ya Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19, kazi ya Krapf, na wamisionari wa CMS waliokitumia na kukitetea. Ukifanya hivyo, msomaji anaanza kujiuliza mwenyewe "sasa kiliachwaje?", na sehemu yote inayofuata inakuwa jibu la swali lililoko kichwani mwake. Ukikitaja kwa sentensi moja dhaifu ili ukipige, hoja yako yote inapoteza mpinzani.

Misafara ipe kama maneno 450, misheni 350, utawala 400. Kwenye utawala, jihadhari na pengo hili: kusema kwamba Wajerumani walitumia Kiswahili kwa maakida, shuleni na katika barua za serikali ni kweli, lakini hakutoshi kukitenga Kiunguja na Kimvita. Lazima uongeze hatua inayokosekana: mfumo huo ulianzia Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, pwani inayotazamana na Unguja, wakati Mombasa ilikuwa upande wa Waingereza. Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta mfumo unaotembea, na kuubadilisha kungemaanisha kuandika upya vitabu na kufundisha upya walimu. Sentensi hizo mbili ndizo zinazobeba aya. Hitimisho litabaki na maneno kama 150, na humo unaweza kusema kipi kati ya vitu vitatu unakiona kizito zaidi na kwa nini. Hiyo "jadili" inataka uamuzi wako.

Jumla inakaribia 1,900. Usihangaike kujaza 100 zilizobaki, zitajazwa na vyanzo.

Kabla hujaandika rasimu nzima, nenda kwa mhadhiri mara moja, siku ya tatu au ya nne, ukiwa na ukurasa mmoja: jibu lako la sentensi mbili, sababu tatu, na chanzo kimoja chini ya kila sababu. Usiende kuuliza "nilikosea wapi?", maana atakurudisha kwenye maoni yake. Uliza hivi: "Mwalimu, nimeondoa urahisi, nimebaki na misafara, misheni na utawala, kila moja nikiilinganisha na Kimvita. Kwenye misheni sina uhakika kama nina ushahidi wa kutosha upande wa Mombasa. Kuna kazi gani nisome?" Swali la namna hiyo linajibika kwa dakika tano. Na kama ataona mifupa yenyewe imepinda, atakwambia wakati bado una siku nane.

Andika aya za kati kwanza, utangulizi mwisho. Ukimaliza rasimu, rudia lile zoezi la sentensi moja pembeni ya kila aya. Safari hii kila sentensi inatakiwa iwe na lahaja zote mbili ndani yake, au ieleze wazi kwa nini ina moja. Aya isiyopita hapo haijamaliza kazi yake, hata ikiwa na vyanzo vitano.

Siku mbili za mwisho ndipo urudi kwenye herufi. Mingi ya mistari ile myekundu ina mzizi mmoja: unaandika "Kiunguja ilikuwa", "iliipenda", "uliichagua", kwa sababu kichwani unafikiria *lahaja*. Ukitaja Kiunguja kwa jina, upatanisho ni wa ki-: kilikuwa, kilichaguliwa, kilienea. Ukisema lahaja ya Kiunguja, basi ilikuwa, ilichaguliwa. Tumia kitafutio cha kompyuta, andika "Kiunguja i" kisha "Kimvita i", na nyingi utazinasa kwa mara moja, isipokuwa pale kitenzi kinapotangulia jina au kukaa mbali nalo, ambapo itabidi usome kwa sauti. Kwa "chanzo?" fuata kanuni moja: mwaka, idadi, na dai lolote ambalo mtu wa Mombasa angeweza kulipinga, vyote viwe na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Sentensi ya kwako mwenyewe inayounganisha vitu viwili haihitaji chanzo, na usiibandikie cha uongo.

Unaporudisha, weka mbele nusu ukurasa unaoeleza ulichobadilisha kwa kufuata namba za aya za zamani: aya 1 hadi 3 zimefutwa, aya ya 4 imevunjwa, "urahisi" umeondolewa, aya ya 5 imehamishwa na kulinganishwa na Ukambani, Steere amebaki kwa sababu ya usambazaji wa vitabu, maisha yake yameondolewa, tarehe za aya ya 7 zimesahihishwa, aya ya 8 imefutwa, Kimvita sasa kina sehemu yake mwanzoni, hitimisho limeandikwa upya. Usiweke samahani wala maelezo ya shida zako za muhula.